Kudifarenshieti ndani ya integrali: namna ya kuipata ∫ (sin x)/x kutoka 0 hadi infiniti

Integrali tutakayoimaliza hapa ni hii:

∫₀^∞ (sin x)/x dx

Huitwa integrali ya Dirichlet, kwa jina la mwanahisabati Peter Gustav Lejeune Dirichlet (1805–1859). Ukichora grafu ya (sin x)/x utaona nundu kubwa inayoanzia kwenye kimo cha 1, kisha bonde chini ya mstari, kisha nundu nyingine ndogo zaidi, na hivyo hivyo, kila wimbi likiwa fupi kuliko lililotangulia. Ukijumlisha eneo hadi x = π unapata takriban 1.852. Ukifika 2π, bonde la kwanza limeshapunguza jumla hadi 1.418. Kwenye 3π inapanda hadi 1.675, na kwenye 4π inashuka hadi 1.492. Jumla inapanda na kushuka huku ikikaribia namba moja iliyo katikati. Swali ni namba gani hiyo.

Njia za moja kwa moja hazifiki mbali. Hakuna fanksheni iliyoundwa kwa vipeo, sini, logi na ndugu zao ambayo ukiidifarenshieti inakupa (sin x)/x. Si kwamba haijapatikana bado: imethibitishwa kuwa haipo, kwa nadharia ambayo Joseph Liouville aliijengea misingi katika miaka ya 1830. Ukijaribu kuintegreti kwa sehemu, 1/x inageuka kuwa 1/x² na tatizo linabaki pale pale. Ukibadili kigeu, x ile ya chini inakufuata.

Kanuni itakayotutoa hapa ni ya Leibniz. Kama ndani ya integrali kuna kigeu cha pili, tukiite a, ambacho hakihusiki na kuintegreti, basi chini ya masharti fulani unaweza kudifarenshieti kwa a kwanza ndipo uintegreti kwa x:

d/da ∫ f(x, a) dx = ∫ ∂f/∂a dx

Kuiandika ni rahisi. Kazi iko kwenye kuchagua a na kwenye yale masharti, na integrali hii inatufundisha yote mawili kwa sababu chaguo la kwanza linalomjia kila mtu linashindwa.

Hatua ya 1: Tafuta kinachokuzuia, kisha weka parameta itakayokiondoa

Kinachotuzuia ni x iliyo kwenye asili ya sehemu. Kama isingekuwepo, sin x ingekuwa kazi ya dakika moja. Kwa hiyo tunataka parameta ambayo tukiidifarenshieti itatema x moja juu, ikutane na x ya chini, zifutane. Hiki ndicho kipimo changu cha kila parameta: kabla ya kuandika chochote kirefu, difarenshieti kwa haraka uone kama kile kizuizi kimeondoka. Kama kimebaki, tafuta sehemu nyingine ya kuiweka.

Chaguo linalokuja haraka ni kuiweka ndani ya sini:

J(b) = ∫₀^∞ sin(bx)/x dx

Derivativi ya sin(bx) kwa b ni x·cos(bx). Ile x inafutana na ya chini, tunabaki na

J′(b) = ∫₀^∞ cos(bx) dx

Kizuizi kimeondoka kweli, lakini tazama kilichobaki. Ukiintegreti cos(bx) kutoka 0 hadi R unapata sin(bR)/b. R ikiendelea kukua, namba hii inazunguka kati ya 1/b na −1/b bila kutulia mahali popote. Upande wa kulia wa mlinganyo hauna thamani.

Kuna kinachoonyesha vizuri zaidi kwamba tumekosea. Kwa b yoyote chanya, badili kigeu u = bx. Utaona J(b) ni ile ile integrali ya mwanzo, b haimo tena. Kwa hiyo J haibadiliki kabisa, na J′(b) ni 0 kwa kila b chanya. Kanuni ilitupa kitu kisicho na thamani mahali ambapo jibu ni sifuri. Kosa haliko kwenye hesabu ya derivativi. Kosa ni kuipeleka derivativi ndani ya integrali bila ruhusa. Ukikutana na hali hii kwenye swali lako, yaani integrali mpya haitulii ilhali ya zamani inatulia, usilazimishe. Parameta hiyo haifai, walau si ikiwa peke yake.

Hatua ya 2: Weka kififishi

Tunahitaji parameta inayotema x na wakati huo huo inayoyatuliza mawimbi ya mbali. Fanksheni inayofanya yote mawili ni e^(−ax):

I(a) = ∫₀^∞ e^(−ax) · (sin x)/x dx, a > 0

Nakiita kififishi kwa sababu a ikiwa chanya, mawimbi yaliyo mbali yanazimwa upesi. Kwenye a = 0 kififishi kinakuwa 1 na tunarudishiwa integrali yetu. Kwa hiyo lengo ni I(0), lakini tutafanya kazi kwenye a > 0 kwanza, kisha turudi. Usianze na a = 0 ndani ya hesabu. Sababu itaonekana kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 3: Difarenshieti na uintegreti kilichobaki

Derivativi ya e^(−ax) kwa a ni −x·e^(−ax). Ile x inafutana na ya chini:

I′(a) = −∫₀^∞ e^(−ax) sin x dx

Integrali iliyobaki tuiite S. Iintegreti kwa sehemu mara mbili. Mara ya kwanza, integrali ya sin x ni −cos x, na ncha ya chini inatoa 1:

S = 1 − a ∫₀^∞ e^(−ax) cos x dx

Mara ya pili, ncha zote mbili zinatoa sifuri, na ile integrali ya cos x inageuka kuwa aS. Kwa hiyo S = 1 − a²S, yaani S = 1/(1 + a²). Tumepata:

I′(a) = −1/(1 + a²)

Integrali isiyo na njia imegeuka kuwa derivativi ya akitanjenti. Hata hivyo, bado hatujaonyesha kwamba hatua hii ilikuwa halali.

Hatua ya 4: Tafuta dari

Sharti linalotumika zaidi ni hili. Chukua kile kilichobaki baada ya kudifarenshieti, ∂f/∂a, uondoe alama yake ya hasi kama ipo. Tafuta fanksheni ya x peke yake, isiyo na a ndani yake, iliyo juu yake kwa kila a unayoishughulikia, na ambayo integrali yake ni namba yenye mwisho. Mimi huiita dari. Dari ikipatikana, na integrali ya mwanzo ikiwa na thamani, ruhusa ya kudifarenshieti ndani ipo.

Hapa ∂f/∂a bila alama haizidi e^(−ax), kwa sababu sini haizidi 1. Je, e^(−ax) ni dari? Hapana, kwa sababu a imo ndani yake. Na tukitaka dari moja ifunike kila a > 0, tunakwama: a ikikaribia sifuri, e^(−ax) inapanda kuelekea 1, na 1 haina integrali yenye mwisho kutoka 0 hadi infiniti.

Kinachotuokoa ni kwamba derivativi ni jambo la jirani. Kuijua I′ kwenye a fulani hakuhitaji habari za a zote, zile za karibu zinatosha. Basi weka namba c yoyote chanya na ushughulike na a ≥ c tu. Hapo

|e^(−ax) sin x| ≤ e^(−cx)

na e^(−cx) haina a, na integrali yake ni 1/c. Dari imepatikana kwa kila a ≥ c. Kwa kuwa c inaweza kuwa ndogo utakavyo, kila a chanya inafikiwa na c fulani, na fomula ya I′ ni sahihi kwa kila a > 0. Lakini a = 0 haifikiwi na c yoyote. Nimeona watu wenye uwezo mkubwa wakiiruka hii c, wakaandika dari yenye a ndani yake na kudhani wamethibitisha. Ukisoma kazi yako tena, angalia jambo moja: je, upande wa kulia wa alama ya ≤ una parameta? Kama unayo, bado hujafika.

Hatua ya 5: Rudi, na utafute konstanti mahali penye nuru

Ukiintegreti I′(a) kwa a unapata

I(a) = C − arctan a

Kazi nyingi huharibika hapa, kwa sababu ya kuisahau C au kuikisia. Konstanti hupatikana mahali ambapo unajua thamani ya integrali bila kuihesabu. Hatuwezi kutumia a = 0, hiyo ndiyo tunayoitafuta. Tuangalie upande wa pili, a ikikua bila mwisho. Kwa x chanya, sin x haizidi x, kwa hiyo (sin x)/x bila alama haizidi 1, na

|I(a)| ≤ ∫₀^∞ e^(−ax) dx = 1/a

a ikielekea infiniti, 1/a inaelekea 0, na I(a) inaifuata. Upande wa kulia, arctan a inaelekea π/2. Kwa hiyo 0 = C − π/2, na

I(a) = π/2 − arctan a, kwa kila a > 0

Kabla ya kuendelea, ipime kwa njia ambayo haikutumia kanuni hii. Andika (sin x)/x kama mfululizo, 1 − x²/3! + x⁴/5! − …, zidisha kila kipande kwa e^(−ax) na uintegreti. Kwa kuwa ∫₀^∞ x^n e^(−ax) dx = n!/a^(n+1), faktoriali zinafutana na kwa a > 1 unabaki na

1/a − 1/(3a³) + 1/(5a⁵) − …

Kwa a = 2, vipande sita vya kwanza ni 0.5 − 0.041667 + 0.00625 − 0.001116 + 0.000217 − 0.000044, jumla takriban 0.46364. Fomula yetu inatoa π/2 − arctan 2 = 0.463648. Zinaafikiana. Ukiwa na Python mezani unaweza kujaribu a nyingine:

```python
from math import exp, sin, pi, atan, inf
from scipy.integrate import quad

a = 2
v, e = quad(lambda x: exp(-a*x)*sin(x)/x, 0, inf)
print(v, pi/2 - atan(a))
```

Jaribu 2, 1, kisha 0.5. Usiweke a = 0 ukategemea jibu lake. Bila kififishi, programu ya aina hii hupata shida na mawimbi yasiyokwisha na inaweza kukupa namba ya ovyo. Ugumu wa mashine na ugumu wetu kwenye a = 0 una chanzo kimoja.

Hatua ya 6: Shuka hadi a = 0

Inavutia kuweka a = 0 kwenye fomula, kuandika π/2 na kufunga daftari. Jibu lingekuwa sahihi, ila lisingekuwa limethibitishwa. Fomula ni ya a > 0. Tunachojua ni kwamba I(a) inaelekea π/2 a ikielekea 0. Hatujui bado kama integrali yenyewe kwenye a = 0 ni kile kikomo.

Je, dari itatusaidia tena? Hapana. Dari yoyote ingelazimika kuwa juu ya |sin x|/x, na eneo la hiyo halina mwisho. Nundu iliyo kati ya kπ na (k+1)π ina eneo lisilopungua 2/((k+1)π), na jumla ya namba hizo ni ile ya 1 + 1/2 + 1/3 + … ikizidishwa kwa 2/π, ambayo inakua bila kukoma. Integrali yetu inatulia kwa sababu tu nundu na mabonde yanapunguzana. Ukiondoa alama za hasi, umeondoa kilichokuwa kinaishikilia.

Basi tuutumie huo kupunguzana wenyewe. Kata integrali kwenye R na utazame mkia wake. Andika g(x) = e^(−ax)/x. Hii ni chanya na inashuka daima kuelekea 0, hata a ikiwa 0. Integreti kwa sehemu, ukiacha g idifarenshietiwe na sini iintegretiwe:

∫_R^∞ g(x) sin x dx = g(R) cos R + ∫_R^∞ g′(x) cos x dx

Kosini haizidi 1. Kwa kuwa g inashuka tu, jumla ya kushuka kwake kutoka R hadi infiniti ni g(R) kamili. Kwa hiyo mkia bila alama hauzidi g(R) + g(R) = 2g(R), na hiyo haizidi 2/R.

Tazama kilichotokea: 2/R haina a. Mkia ni mdogo kwa kiasi kile kile kwa kila a ≥ 0, sifuri ikiwemo. Dari ilituangusha, lakini mkia mmoja kwa wote unatosha.

Sasa linganisha I(a) na integrali ya a = 0. Chukua R = 2000. Kila mkia hauzidi 0.001, hivyo tofauti ya mikia miwili haizidi 0.002. Kati ya 0 na R, tofauti haizidi integrali ya 1 − e^(−ax), na kwa kuwa 1 − e^(−ax) haizidi ax, hiyo haizidi aR²/2, yaani 2,000,000·a. Punguza a hadi sehemu moja ya bilioni, na kiasi hicho nacho kinakuwa 0.002. Tofauti nzima haizidi 0.004. Ukitaka ndogo zaidi, ongeza R kwanza, kisha ipunguze a kulingana na R hiyo. Mpangilio huo haugeuzwi, kwa sababu R ikishakuwa kubwa, R² inahitaji a ndogo zaidi kuizima.

Kwa hiyo kikomo cha I(a) na I(0) ni kitu kimoja:

∫₀^∞ (sin x)/x dx = π/2 ≈ 1.5708

Rudi kwenye zile namba za mwanzo: 1.852, 1.418, 1.675, 1.492. Namba 1.5708 iko kati ya kila mbili zinazofuatana.

Kurudi kwa parameta tuliyoikataa

Ile b ya hatua ya 1 haikuwa na ubaya. Ilikosa kififishi tu. Iweke pamoja nacho, ishikilie a chanya bila kuibadili, na difarenshieti kwa b:

F(b) = ∫₀^∞ e^(−ax) · sin(bx)/x dx

F′(b) = ∫₀^∞ e^(−ax) cos(bx) dx = a/(a² + b²)

Sasa integrali inatulia, na dari ni e^(−ax) yenyewe, ambayo safari hii inafaa kwa sababu parameta ni b na haimo ndani yake. Konstanti nayo ni rahisi kuliko mwanzo: ukiweka b = 0, sini inakuwa sifuri na F(0) = 0. Unapata F(b) = arctan(b/a). Weka b = 1 na utaona inalingana na π/2 − arctan a. Mimi ningependelea njia hii kwenye karatasi ya mtihani, kwa sababu haihitaji kikomo cha infiniti wala ile c.

Fomula hii pia inaonyesha kwa nini b peke yake ilituangusha. a ikielekea 0, arctan(b/a) inaelekea π/2 kwa b chanya, −π/2 kwa b hasi, na inabaki 0 kwenye b = 0. J(b) ni ngazi yenye mruko pale sifuri, na kwenye mruko hakuna derivativi.

Na sasa π/2 tuliyoipata inaweza kutumika kama chombo. Chukua

K(b) = ∫₀^∞ sin²(bx)/x² dx

Derivativi ya sin²(bx) kwa b ni x·sin(2bx), kwa hiyo K′(b) = ∫₀^∞ sin(2bx)/x dx, ambayo tumeshaiona ni π/2 kwa kila b chanya. Dari haipo hapa, lakini hoja ya mkia inafanya kazi: mkia baada ya R hauzidi 1/(bR), na kwa b ≥ c hauzidi 1/(cR), namba isiyo na b. Hilo linatosha kutoa ruhusa. K(0) ni sifuri, na K(b) inaifikia sifuri hiyo bila mruko b ikishuka. Kwa hiyo K(b) = πb/2, na kwa b = 1,

∫₀^∞ (sin x)²/x² dx = π/2

Ni namba ile ile ya integrali ya kwanza, ingawa hapa hakuna bonde hata moja la kupunguza eneo.